Kidonge cha kolestro mwezi wa Ramadhani: umeze futari au daku?

Kila ikifika Shaabani swali linaloulizwa sana kwenye maduka ya dawa ni hili: dawa ya kolestro nilikuwa nameza usiku kabla ya kulala, sasa nikifunga nameza saa ngapi? Wengi wanajibiwa "meza tu ukifuturu", jibu ambalo wala si baya, ila halikwambii kwanini, na usipojua kwanini, siku ukisahau unabaki unabahatisha.

Mzizi wa jambo lote ni dawa inakaa muda gani kwenye damu. Kila dawa ina kipindi chake cha kupungua nusu, yaani masaa yanayopita mpaka kiasi kilichokuwepo kwenye damu kibaki nusu, halafu yakipita masaa mengine kama hayo inabaki nusu ya ile nusu, inaenda hivo hivo mpaka inakwisha. Sasa dawa za kolestro tunazoandikiwa sana, hizi ambazo majina yao yanaishia na "statini", zote kazi yao moja, zinabana kimeng'enya fulani kwenye ini ambacho ndo kinaanzisha utengenezaji wa kolestro. Watu wengi wanajua kolestro inatoka kwenye nyama na mayai basi, kumbe sehemu kubwa ini lenyewe ndo linaitengeneza, na linaitengeneza zaidi usiku kuliko mchana. Ndo maana ile karatasi ya hospitali inaandikwa 1x1 usiku.

Lakini sio statini zote zinahitaji huo usiku. Chukua simvastatini, ambayo ni ya zamani na bei yake nafuu. Kipindi chake cha nusu ni kifupi, tuseme masaa matatu hivi. Ukiimeza saa moja usiku na futari, ikifika saa saba usiku bado robo ipo, na ini ndo liko kazini. Ila ukiimeza na daku saa kumi alfajiri, mpaka saa nne usiku yameshapita masaa 18, yaani imegawanyika nusu mara sita, hapo inabaki sehemu moja kwenye 64, kwa lugha nyingine hakuna kitu. Mchana kutwa dawa ilikuwepo, usiku ambapo kazi ni nyingi ndo haipo. Hii ni hesabu ya kukadiria tu, miili haifanani, na anayemeza simvastatini asubuhi bado kolestro yake inashuka, ila inashuka pungufu kidogo. Tofauti sio kubwa kihivyo, lakini kwanini uipoteze wakati futari ipo?

Sasa rosuvastatini ni habari nyingine kabisa, yenyewe kipindi chake ni kama masaa 19. Ukimeza saa kumi alfajiri, saa tano usiku nusu bado ipo, na ujue mabaki ya kidonge cha jana na juzi nayo yapo humo humo. Atorvastatini yenyewe ni kama masaa 14, lakini ini linaibadilisha kuwa vitu vingine ambavyo navyo vinaendelea kubana kile kimeng'enya, kwa hiyo nguvu yake inafika masaa 20 mpaka 30. Mwenye hizi mbili achague mwenyewe, futari sawa, daku sawa, cha msingi asirukeruke leo huku kesho kule. Zote hizi tatu hazihitaji tumbo lijae, tende na maji inatosha.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kusoma jina lililoandikwa kwenye pakti, jina la dawa yenyewe lile la maandishi madogo, sio jina kubwa la kampuni, maana hayo majina makubwa yako mengi na ukihama duka unapewa lingine.

Tuseme ni mama wa miaka 58, yuko Tanga, ana presha na kolestro, anameza amlodipini miligramu 5 asubuhi na simvastatini miligramu 20 saa nne usiku akienda kulala. Ramadhani ikaingia, usiku umegeuka: anafuturu kwenye saa kumi na mbili na nusu, anaswali Magharibi, anakula, anaenda tarawehe, akirudi amechoka anaanguka kitandani na kidonge kiko kwenye droo. Daku anaamka saa kumi, anakumbuka cha presha kwasababu kichwa kikimuuma anakumbuka, cha kolestro hakiumi popote. Hivo hivo wiki nzima. Tatizo hapa hata sio saa, ni kidonge kukosa mahali pa kukaa kwenye ratiba mpya. Kwake kinakaa vizuri pale kwenye sahani ya tende, anameza na maji ya kwanza kabla hajasimama kwenda kuswali. Akisahau hapo, anameza wakati wowote usiku ule akikumbuka, hata daku, halafu futari inayofuata anaendelea na kimoja kama kawaida, hakuna kumeza viwili kufidia. Cha presha anakihamishia daku au futari kadiri daktari wake atakavyosema. Na kwa kuwa anameza amlodipini, simvastatini yake isizidi hiyo 20, amlodipini inaifanya ipande kwenye damu, hata kama kuna mtu atamwambia aongeze kwasababu futari ina mafuta.

Kuna wanaosema si mwezi mmoja tu, ntaendelea baada ya Idi. Hapana bwana. Statini ukiacha, ndani ya wiki mbili mpaka nne kolestro inakuwa imesharudi ilikokuwa kabla hujaanza dawa. Ramadhani ni siku 29 au 30, yaani muda kamili wa kufuta kazi yote. Kwa mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi huo sio mchezo, na huyo hata kufunga kwenyewe akaongee kwanza na daktari wake Shaabani haijaisha, ruhusa ya mgonjwa iko wazi kwenye Suratul Baqara aya ya 184 na 185. Lakini kidonge cha kolestro peke yake, ambacho ni kimoja kwa siku, sio sababu ya kula mchana. Na kumeza kikavu bila maji saa saba mchana ukidhani hujafungua, umefungua.

Tuje kwenye chakula, maana huku Pwani futari ni nazi na mafuta. Muhogo wa nazi, magimbi ya nazi, maharage ya nazi, tambi za nazi, pembeni sambusa, bajia, kaimati. Mafuta ya nazi karibu yote ni yale yanayoganda, na hayo yanalifanya ini lipunguze kuivuta kolestro mbaya kutoka kwenye damu, ile ambayo kwenye majibu ya maabara imeandikwa LDL. Yaani kidonge kinavuta huku, sufuria linavuta kule. Sikwambii uache nazi, sitaki ugomvi na mtu. Ila angalia jinsi ya kupika: sufuria la muhogo la watu watano wengi wanakuna nazi mbili na kumwaga tui lote zito humo. Kuna nazi moja, kamua lile tui zito la kwanza uliweke pembeni, ongeza maji kwenye chicha ukamue tui jepesi, muhogo uive na hilo jepesi pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili, halafu unakaribia kuipua ndo unatia vijiko vinne vitano vya lile zito. Harufu yote ya nazi utaipata, mafuta yamepungua zaidi ya nusu. Tui lililobaki lihifadhi kwenye friji la kesho. Na pokezana, leo nazi, kesho muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki.

Kaimati na juisi zenye sukari nyingi ni kesi tofauti kidogo, zenyewe zinapandisha mafuta yale mengine, traiglisaridi, ambayo statini haiyashushi sana. Hapo dawa ni kupunguza tu, kaimati mbili tatu sio bakuli. Daku ndo mahali pazuri pa choroko, kunde au uji wa shayiri, kwasababu ule utelezi wake unakamata nyongo tumboni na kutoka nayo, ini likitaka nyongo nyingine linachota kolestro kwenye damu kuitengeneza. Na unakaa na shibe mpaka mchana.

Halafu kuna vitu vya futari vinavyogongana na dawa. Balungi na juisi yake inazuia kuvunjwa kwa simvastatini na atorvastatini, dawa inajaa kwenye damu, chungwa la kawaida halina shida hiyo. Mwenye rosuvastatini yeye aangalie dawa za kiungulia, zile za maji nyeupe au za kutafuna zenye aluminiamu na magnesiamu, maana baada ya bajia kila mtu anazikimbilia: meza rosuvastatini kwanza, ya kiungulia isubiri masaa mawili, la sivyo inapunguza sana inayoingia mwilini. Na ukipata kikohozi ukaenda kununua antibayotiki, taja kwamba unameza statini. Klarithromaisini na erithromaisini na simvastatini hazitakiwi kukutana kabisa.

Statini kurundikana kwenye damu ndo kunaleta misuli kuuma na kuumia. Kwenye Ramadhani linachanganya, kwasababu kila mtu miguu inauma baada ya tarawehe, na mkojo wa mchana wa mfungaji ni wa njano iliyokolea. Tofauti yake ni hii: uchovu wa tarawehe unaisha ukilala, ila maumivu ya statini yanakaa mapaja yote mawili au mabega yote mawili, siku kwa siku, mpaka kunyanyuka kwenye mkeka baada ya futari ni kazi. Na mkojo wa kiu unakuwa mweupe ukishakunywa maji glasi kadhaa usiku, wa misuli kuumia unabaki wa kahawia kama chai ya rangi hata ukinywa. Ukiona maumivu na mkojo huo pamoja, acha kidonge, acha na saumu ya siku hiyo, nenda hospitali muda huo huo, figo ndo zinazoumia hapo.

Kuhusu kupima, usiende siku ya pili ya Idi na pilau bado liko tumboni, traiglisaridi zitakutisha bure. Subiri wiki chache ukirudi kwenye ulaji wa kawaida. Na kama ulihamisha atorvastatini au rosuvastatini kwenda daku, Idi ikifika unaweza kuiacha asubuhi moja kwa moja, ila simvastatini inabaki ya usiku.