X mbili, lakini seli hutumia moja

“Mwanamke ana kromosomu X mbili, basi jeni mbovu kwenye moja hufidiwa na nzima katika kila seli.”

Sivyo. Mapema katika kiinitete, kila seli huzima X moja, ya baba au ya mama, kwa bahati tu, na seli zinazotokana nayo hufuata vivyo hivyo. Baadhi ya jeni tu hukwepa kuzimwa.

Chukua mwanamke aliyerithi kwa mzazi mmoja upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu na ambacho jeni yake iko kwenye X: seli zake nyekundu za damu ni za aina mbili, imara na dhaifu, na mara nyingi si nusu kwa nusu. Kipimo cha haraka husoma mchanganyiko, hivyo kinaweza kumwita mzima. Akinywa primakwini, dawa ya malaria, zile dhaifu zinaweza kupasuka na mkojo kuwa mweusi.