Kuomba Ombi la Kazi Lisimamishwe kwa Sababu ya Msiba au Ugonjwa: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu anayefiwa au kuugua akiwa ameshaitwa kwenye usaili hujikuta na jambo ambalo hakulipangia: afanye nini na ombi la kazi ambalo limefika katikati ya safari? Wengi hunyamaza, wengine hujiondoa kabisa, na wengine huenda kwenye usaili wakiwa hawajalala siku mbili. Mara nyingi maamuzi hayo hutokana na dhana zisizo sahihi kuhusu namna afisa ajira anavyofanya kazi, na ndizo ninazotaka kuziangalia hapa. Nitajikita zaidi kwa mwombaji aliyekwisha kupangiwa usaili, kwa kuwa hapo ndipo siku moja ya ukimya inaweza kumgharimu nafasi yote.

Dhana: Kumwambia afisa ajira kwamba umefiwa kutaonekana kama udhaifu, hivyo ni afadhali kujikaza na kuhudhuria.

Ukweli ni kwamba jopo la usaili hujaza fomu ya alama kwa kufuata majibu uliyoyatoa ndani ya saa ile. Kila mjumbe ana maswali yaleyale kwa waombaji wote, na kila swali lina nafasi yake ya alama. Mwombaji anayepoteza mtiririko wa jibu, anayeomba swali lirudiwe mara tatu, au anayeshindwa kukumbuka mfano kutoka kazi yake ya zamani, hupata alama za chini hata kama sababu ni kwamba mama yake amezikwa jana. Jopo haliwezi kufidia jambo lisilolijua, na hata likiambiwa baadaye, alama zilizokwisha kuandikwa ni nadra kufutwa. Kuahirisha usaili ni jambo ambalo maafisa ajira hulishughulikia mara kwa mara: wajumbe wa jopo wenyewe husafiri, huugua na hufiwa, na ratiba hupangwa upya. Kwa maoni yangu, mtu anayetoa taarifa mapema na kwa maneno machache humrahisishia afisa ajira kazi kuliko yule anayefika akiwa hajiwezi.

Dhana: Ukiomba kusimamisha, mwajiri atakusubiri.

Hii ndiyo dhana inayowaumiza watu zaidi, na inafaa kuielewa vizuri. Ndani ya ombi moja la kazi kuna mambo mawili yanayokwenda kwa mwendo tofauti. Lipo jalada lako, yaani wasifu wako, barua yako na hatua uliyofikia, na ipo nafasi yenyewe, ambayo ina waombaji wengine na meneja anayetaka mtu aanze kazi. Afisa ajira ana uwezo wa kuliacha jalada lako wazi na kusogeza hatua yako moja, kwa mfano usaili au mtihani wa mtandaoni. Kuisimamisha nafasi kwa kawaida si uamuzi wake peke yake. Kwa hiyo anapokujibu kwamba ombi lako limewekwa pembeni kwa muda, hakuahidi kwamba waombaji wengine hawatasailiwa, wala kwamba nafasi haitatolewa kabla hujarudi.

Kutokana na hilo, ombi la kusimamishiwa linapaswa kutaja hatua moja na tarehe moja. Anayeandika tu kwamba anaomba muda humwachia afisa ajira swali asiloweza kulijibu mbele ya meneja wake, wakati anayeomba usaili wa Alhamisi usogezwe hadi wiki inayofuata humpa kitu cha kuingiza kwenye ratiba. Kuna mahali ambapo hata hilo halitawezekana, hasa katika taasisi zinazosaili waombaji wote siku moja kwa mtihani mmoja wa kuandika. Huko unachoweza kuomba ni kuwekwa kwenye orodha ya akiba au kuruhusiwa kuomba tena nafasi zikitangazwa upya.

Dhana: Ni lazima ueleze yote na uambatishe ushahidi.

Afisa ajira anahitaji kujua ni nani anayeandika, ni nafasi gani, ni hatua gani haitawezekana, utarudi lini na utapatikana vipi kabla ya hapo. Jina la ugonjwa, majibu ya vipimo na maelezo ya jinsi kifo kilivyotokea hayamsaidii kupanga ratiba. Zaidi ya hayo, taarifa za afya ukishazituma kwa barua pepe huwezi kuamua tena zisomwe na nani, kwa kuwa barua hiyo inaweza kupelekwa kwa meneja na kwa kila mjumbe wa jopo. Andika “sababu za kiafya” au “nimefiwa na mzazi”, kisha ishie hapo. Ukiulizwa uthibitisho, uliza kwanza ni nani atakayeuona na kama unahitajika sasa au baada ya usaili.

Chukulia mwombaji wa kazi ya uhasibu aliyepangiwa usaili Alhamisi tarehe 14, saa 4 asubuhi, naye anafiwa na baba yake usiku wa kuamkia Jumanne. Asubuhi hiyohiyo anaujibu ule ujumbe uliomwita kwenye usaili, bila kuanzisha barua pepe mpya, ili kumbukumbu zote zibaki pamoja. Anaandika hivi:

“Ndugu Afisa Ajira, nimepangiwa usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi siku ya Alhamisi tarehe 14, saa 4 asubuhi. Nimefiwa na baba yangu mzazi usiku wa kuamkia leo na sitaweza kuhudhuria siku hiyo. Bado ninaihitaji nafasi hii na ninaomba ombi langu libaki wazi. Nitaweza kusailiwa siku yoyote kuanzia Jumatano tarehe 20, ana kwa ana au kwa simu ya video. Hadi hapo nitakuwa nikisoma barua pepe mara moja kwa siku, jioni. Ninaomba unithibitishie kwamba usaili wa tarehe 14 umeondolewa kwenye ratiba, na unifahamishe siku ya mwisho ambayo jopo litawaona waombaji.”

Sentensi mbili katika barua hiyo husahaulika mno. Ya kwanza ni ile inayosema kwamba bado anaihitaji nafasi, kwa sababu afisa ajira anayesoma kwa haraka anaweza kudhani mwombaji anajiondoa kwa heshima. Ya pili ni ile inayouliza siku ya mwisho ya jopo. Tuseme afisa anajibu kwamba jopo linamaliza Ijumaa tarehe 22 na kwamba Alhamisi tarehe 21 saa 8 mchana ipo wazi. Sasa mwombaji anajua kwamba ana siku mbili tu za kuchezea, na kama shughuli za msiba zitavuka hapo, ni heri aseme leo.

Dhana: Ukishatuma barua, ombi limesimama.

Ombi lisilojibiwa halijakubaliwa. Kampuni nyingi hutumia mfumo wa kompyuta unaotuma vikumbusho bila mtu kuugusa, na vikumbusho hivyo ni kipimo kizuri. Mwombaji wetu akipokea Jumatano jioni ujumbe unaomkumbusha usaili wa kesho saa 4, maana yake ni kwamba miadi ya zamani haijafutwa kwenye mfumo, hata kama afisa ajira amemjibu kwa upole. Apige simu au aandike mstari mmoja kabla ya saa ya usaili, vinginevyo anaweza kuandikwa kuwa hakufika. Angalia pia kama barua ya wito ilitoka kwenye anwani isiyopokea majibu. Ikiwa ndivyo, tafuta namba ya simu au anwani iliyotajwa ndani ya barua yenyewe. Kiungo cha mtihani wa mtandaoni nacho kwa kawaida huwa na muda wake wa kuisha. Omba kiungo kipya kabla muda haujaisha, wala usikifungue kuchungulia maswali, kwa maana mifumo mingine huanza kuhesabu dakika pale unapobonyeza.

Anayepitia wakala wa ajira ana hatua ya ziada: amwombe wakala amwambie ni lini mwajiri amefahamishwa na amejibu nini, kwani wakala akikubali, mwajiri hajakubali bado.

Dhana: Kujiondoa kwenye mfumo sasa na kurudi baadaye ni sawa na kusimamisha.

Si sawa hata kidogo. Kitufe cha kuondoa ombi, ambacho kwenye mifumo ya Kiingereza husomeka “Withdraw”, kwa kawaida hulifunga jalada, na katika mifumo mingi huwezi kulifungua tena mwenyewe. Ikiwa muda wa kutuma maombi umekwisha, hakuna mlango wa kurudia. Usikibonyeze kwa ajili ya kupata nafasi ya kupumua.

Dhana: Mgonjwa asiyejua atapona lini hana la kuomba.

Msiba mara nyingi huwa na siku inayokadirika ya kurejea, lakini ugonjwa hauna. Badala ya kuahidi tarehe ya kurudi ambayo huenda ukaivunja, toa tarehe ya kutoa taarifa: “Nitakuandikia tena Jumatatu tarehe 25 nikiwa nimeonana na daktari.” Siku hiyo ikifika, andika hata kama hali haijabadilika. Kuomba kusogezewa mara ya pili kunakubalika ikiwa umetimiza ahadi ya kwanza, ingawa nafasi inaweza kuwa imeshajazwa wakati huo.

Mgonjwa aliyelazwa anaweza kuandikiwa na ndugu. Ndugu huyo ataje jina kamili la mwombaji, nafasi na tarehe ya usaili, aeleze uhusiano wao, na aombe tu kuahirishwa. Asishangae afisa ajira akikataa kumweleza ombi limefikia wapi, kwani taarifa hizo ni za mwombaji mwenyewe. Na ikiwa saa ya usaili imeshapita kabla ya mtu yeyote kuandika, bado inafaa kuandika siku hiyohiyo. Maelezo yanayofika jioni ya siku ya usaili husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko yanayofika baada ya wiki mbili.

Dhana: Muda ukifika, watakupigia.

Anayefufua ombi ni mwombaji. Siku uliyoitaja, jibu ndani ya mfululizo uleule wa barua pepe, sema kwamba upo tayari, taja siku tatu na saa unazoweza, kisha uliza kama nafasi bado ipo wazi. Ukiambiwa imejazwa, uliza mambo mawili: kama alama za hatua ulizokwisha kupita zinaweza kutumika kwa nafasi nyingine inayofanana, na kama jalada lako litahifadhiwa au itakubidi utume ombi jipya. Majibu hayo yaombe kwa maandishi, kwa kuwa nafasi inayofuata inaweza kushughulikiwa na afisa mwingine ambaye hajui chochote kuhusu mazungumzo yenu.