Nani Kasema Ganda la Tatu Limejaa?

Jumamosi nilikuwa nasahihisha madaftari nyumbani, hapa Kondele, nikakutana tena na sentensi ileile: "Elektroni ya 19 ya potasiamu huingia ganda la nne kwa sababu ganda la tatu limejaa." Mwenye daftari nilimpa alama yake, maana 2.8.8.1, yaani idadi ya elektroni ganda kwa ganda kuanzia la ndani, ni jibu sahihi. Sababu ndiyo uongo. Nikampigia simu mwalimu mwenzangu nimlalamikie, naye akaniuliza kwa upole, "Kwani si limejaa, mwalimu?" Nikaona heri niandike.

Ganda la tatu hubeba elektroni 18, zikikaa katika obitali, yaani vyumba vya elektroni mbilimbili: mbili katika 3s, sita katika obitali tatu za 3p, na kumi katika obitali tano za 3d. Argoni imeweka nane tu, na 3d yote iko wazi. Gesi kutulia hakumaanishi ganda kujaa.

Kutoka haidrojeni hadi argoni sina ugomvi na mtu. Zinajazwa 1s, 2s, 2p, 3s, 3p, kila obitali ikichukua mbili. Kwenye 2p elektroni hutawanyika kwanza, ndiyo maana nitrojeni ina tatu zilizo pekee na oksijeni hulazimika kuoanisha ya nne. Basi. Kesi yangu inaanzia potasiamu:

```
3d  __ __ __ __ __
4s  ↑
3p  ↑↓ ↑↓ ↑↓
3s  ↑↓
2p  ↑↓ ↑↓ ↑↓
2s  ↑↓
1s  ↑↓
```

Mbona 3d imerukwa? Wengi hunichorea ile mishale ya mshazari. Mishale inakukumbusha mpangilio, lakini haikuambii kilichouleta.

Kiini cha potasiamu kina chaji ya +19, na elektroni 18 za ndani zinakikinga. Obitali ya 3d karibu haipenyi kabisa ndani ya kundi hilo, kwa hiyo elektroni iliyo humo huvutwa na chaji ya kama +1 hivi, utadhani iko katika haidrojeni. Vipimo vinaonyesha hivyo. Kuing'oa elektroni kutoka 3d ya potasiamu kunahitaji nishati ya eV 1.67, kutoka 3d ya haidrojeni, eV 1.51. Tofauti ni ndogo mno. Sasa tazama 4s. Muda mwingi iko mbali, lakini sehemu yake ndogo hupenya hadi karibu na kiini, ambako kinga ni nyembamba na mvuto ni mkali. Kipande hicho kidogo kinatosha kuishusha sana: kuing'oa kunahitaji eV 4.34.

Katika haidrojeni, ambayo haina elektroni nyingine ya kukinga, 4s ina eV 0.85 tu, yaani iko juu ya 3d. Kwa hiyo anayesema "4s iko chini ya 3d" bila kutaja atomu gani, hajasema kitu. Nami nimeisema hivyohivyo darasani miaka mingi, nakiri.

Ukitaka kuona inavyogeuka, chukua vitu vitatu vyenye elektroni 19 kila kimoja: K, Ca⁺ na Sc²⁺. Kinachobadilika ni protoni peke yake: 19, 20, 21. Katika K, 3d iko juu ya 4s kwa eV 2.67. Katika Ca⁺ pengo limepungua hadi 1.69. Katika Sc²⁺ mambo yamepinduka: 3d iko chini kwa eV 3.17, na elektroni ya 19 inakaa humo. Kiini kikiongezewa nguvu, kinaivuta 3d ndani haraka kuliko 4s. Kalsiamu yenyewe, ya 20, bado inaweka mbili zote katika 4s, ndipo tunapata 2.8.8.2.

Hata mchoro wangu hapo juu una dhambi. Katika potasiamu, 4p nayo iko chini ya 3d, nami sikuichora kwa sababu iko tupu na ingewachanganya watoto. Tena, ngazi hizi si rafu za duka zilizopigiliwa misumari: kila elektroni inayoingia inazisogeza zote. Sijapata njia ya kulisema hilo kidato cha pili nikaeleweka.

Kwenye lile daftari niliandika kwa kalamu nyekundu: "Kama limejaa, skandiamu, 2.8.9.2, imeipata wapi nafasi ya tisa?" Jumatatu likarudi na jibu kwa penseli: "Mwalimu, si tunaishia 20?"