Mwezi hauna wiki nne, na malipo ya 27 si bonasi

Nimeulizwa tena, na aliyeuliza ni mtu mzima mwenye shahada: "Kaka, si wanalipa kila wiki mbili? Basi ni mara mbili kwa mwezi. Tatizo liko wapi?" Kazi yangu ni hesabu za mishahara hapa Marekani. Wengi wetu nyumbani tulizoea mshahara wa mwisho wa mwezi, kwa hiyo tukifika huku kichwani tunajua mwezi ni wiki nne na nusu yake ni wiki mbili. Jamani, mwezi hauna wiki nne. Februari tu ndiyo inazo, nayo si kila mwaka.

Anayelipwa mara mbili kwa mwezi, tuseme tarehe 15 na siku ya mwisho, hupata malipo 24 kwa mwaka, basi. Anayelipwa kila wiki mbili hana habari na mwezi; anahesabu siku 14, na 14 mara 26 ni 364. Kwa mshahara wa dola 52,000 kwa mwaka, wa kwanza anapokea 2,166.67 kila mara, wa pili 2,000, kabla ya makato. Wa pili haibiwi. Kila mwaka ana angalau miezi miwili yenye malipo matatu, na pengo linazibwa hapo.

Sasa kinachonichosha. Mwezi wenye malipo matatu huja kila mwaka. Mwaka wenye malipo 27 ni jambo jingine kabisa, huja kila baada ya miaka 11 hivi, na chanzo chake ni ile siku moja inayobaki kati ya 364 na 365, au mbili mwaka ukiwa mrefu. Kila mwaka tarehe zako za malipo zinarudi nyuma kidogo, mpaka ya kwanza inabanwa mwanzoni kabisa mwa Januari, na mwishoni mwa Desemba inabaki nafasi ya kuingiza moja zaidi.

Chukua 2026. Kama siku yako ya kwanza ya malipo ni Ijumaa, Januari 2, ongeza siku 364: unaangukia Ijumaa, Januari 1, 2027. Utasema huo ni mwaka mwingine. Lakini siku hiyo benki zimefungwa, na waajiri wengi hulipa siku moja kabla, yaani Alhamisi, Desemba 31, 2026. Kodi ya hapa huangalia siku uliyolipwa, haiangalii ulifanya kazi lini, kwa hiyo pesa hiyo inaingia kwenye W-2 ya 2026, ile fomu ya mshahara na kodi ya mwaka mzima. Hiyo ndiyo ya 27. Jirani yako anayelipwa Ijumaa zile nyingine, kuanzia Januari 9, anaishia na 26. Mkikutana harusini mtabishana, na nyote mtakuwa sahihi.

Je, ni bonasi? Hapana, wiki hizo mbili umezifanyia kazi. Anayelipwa kwa saa hana hata swali. Kelele huanza kwa wenye mshahara wa mwaka, kwa sababu 2,000 mara 27 ni 54,000, na bosi anashika mkataba ulioandikwa 52,000. Wengine hugawa kwa 27, kila malipo yakawa 1,925.93, na wafanyakazi wanaona wamekatwa mshahara. Kuna na mtego: kwa sheria ya shirikisho, mfanyakazi wa mshahara asiyelipwa ovataimu lazima apate angalau dola 684 kwa wiki, na baadhi ya majimbo yanadai zaidi. Aliye na 35,568 kwa mwaka yuko pale pale kwenye mstari. Mgawie kwa 27 na anashuka hadi 1,317.33 kwa wiki mbili, chini ya 1,368 inayotakiwa, na sasa ana haki ya kudai ovataimu.

Lipi ni haki? Kusema kweli, sina jibu linaloniridhisha. Serikali ya shirikisho imeukwepa ubishi kwa kugawa mshahara wa mwaka kwa saa 2,087, kisha inalipa kwa saa. Mimi huwaambia waajiri waandike kiasi cha wiki mbili kwenye mkataba, na ule wa mwaka uwe makadirio. Nusu yao hawanisikilizi.

Wewe angalia mstari wa bima. Waajiri wengi hukata bima mara 24 tu, kwa hiyo malipo ya tatu ya mwezi hutoka bila makato hayo, mkononi inaonekana nyingi, na simu yangu inaita: "Nimepewa bonasi!" Penye mpango wa kukata mara 26, mtu asipozima makato, Desemba 31 watakata ya 27, na utakuwa umelipia bima zaidi ya bei ya mwaka. Ukiiona kwenye hati ya mshahara, nenda ofisini kabla W-2 haijatoka.