Miwani inayojibu maswali nayo hupiga picha

"Mtu akiiuliza tu miwani yake janja yenye kamera 'mbele yangu kuna nini?' bila kurekodi, si hakuna picha yangu inayobaki popote?"

Picha hupigwa. Miwani yenyewe haina nguvu ya kutambua mambo mengi, kwa hiyo kamera hunasa picha, picha hupita kwenye simu ya mvaaji, kisha huenda kwa intaneti hadi kwenye seva za kampuni. Huko ndiko jibu linakoandaliwa. Ukitaka kuhakikisha, mwombe mwenye miwani azime intaneti ya simu kisha aulize tena: mara nyingi jibu halitakuja.

Chukua mfano wa mtu asiyeona anayetaka kusomewa tangazo mlangoni pa kliniki. Haja yake ni ya kweli kabisa, na sitaki anyimwe. Lakini lenzi ni pana. Wewe uliyesimama kando ya mlango, ukiwa na cheti cha vipimo mkononi, umeingia pichani pamoja na tangazo. Jibu linataja tangazo tu, ila picha iliyotumwa ina uso wako. Itahifadhiwa kwa muda gani, au itatumika kufundishia mifumo ya akili bandia, hutegemea masharti aliyoyakubali mvaaji. Wewe hukuulizwa.

Taa ndogo kwenye fremu, inayoonyesha kuwa kamera inapiga picha, husaidia kiasi, lakini juani haionekani vizuri, na huwaka kwa muda mfupi tu. Njia bora ni mtambo kukata au kufifisha nyuso ndani ya simu kabla picha haijatumwa. Mvaaji naye anaweza kusogea karibu na tangazo mpaka lijaze picha.