Kuunganisha faili za GPX si kuunganisha mistari

Kila kundi la waendesha pikipiki linaporudi Kampala kutoka magharibi, lazima mmoja atume faili na kuandika: "Nimeunganisha siku zote, GPX moja safi." Ukiifungua, mstari mnyoofu kama rula umekatiza vilima na migomba, mahali ambapo hata mbuzi hapiti. Mwenye faili akiulizwa husema GPS ilipotea kidogo. GPS haina hatia hapa. Mstari huo umechorwa na yeye mwenyewe wakati wa kuunganisha.

Maana kwa ufupi. GPX ni faili ya maandishi ya XML inayohifadhi njia uliyopita. Toleo linalotumika mpaka leo ni 1.1, la mwaka 2004. Kuunganisha ni kuziweka rekodi za siku kadhaa katika faili moja, kugawa ni kinyume chake, na kupunguza ni kuondoa nukta zisizo sehemu ya safari, hasa za mwanzo na mwisho. Hayo hayana ubishi. Ubishi uko kwenye kuunganisha nini na nini, maana ndani ya faili kuna ngazi tatu na watu wengi huziona kama moja.

Ngazi ya chini ni nukta, `trkpt`, yenye latitudo, longitudo, na kwa kawaida mwinuko na saa. Nukta zinazofuatana bila kukatika hukaa ndani ya kipande, `trkseg`. Kipande kimoja au zaidi hufanya njia, `trk`. Kisha faili huweza kubeba njia nyingi. Programu ya ramani inapochora, huunganisha nukta na nukta ndani ya kipande, basi. Kipande kikiisha, kalamu inainuliwa. Maelezo rasmi ya GPX yanasema wazi kwamba mawimbi yakipotea au kifaa kikizimwa, kipande kipya kianzishwe. Yaani pengo limewekewa nafasi yake tangu mwanzo. Sisi ndio tunaoliziba.

Chukua safari ya Kampala hadi Kisoro. Siku ya kwanza unarekodi Kampala hadi Masaka, ukivuka ikweta pale Kayabwe (latitudo kwenye faili inapata alama ya kutoa kuanzia hapo, usidhani imeharibika). Siku ya pili, Masaka hadi Mbarara. Asubuhi ya tatu simu haina chaji, kwa hiyo mnapita Ntungamo bila kurekodi chochote, mnalala Kabale, na rekodi inaanza tena kesho yake mkielekea Kisoro. Una faili tatu na pengo moja kubwa. Kwenye faili iliyounganishwa vizuri, pengo hilo linaonekana hivi:

```
    <trkpt lat="-0.6072" lon="30.6545"><time>2025-07-13T14:05:00Z</time></trkpt>
  </trkseg>
  <trkseg>
    <trkpt lat="-1.2490" lon="29.9900"><time>2025-07-15T05:10:00Z</time></trkpt>
```

Futa ile mistari miwili ya katikati, `</trkseg>` na `<trkseg>`, na papo hapo umezaa mstari wa uongo kutoka Mbarara hadi Kabale. Urefu wake unaukokotoa hata kwa kalamu, kwa sababu huku karibu na ikweta digrii moja ni takriban kilomita 111 upande wowote. Tofauti ya latitudo ni 0.642, ya longitudo 0.665, jawabu ni kama kilomita 103. Mstari huo hauigusi Ntungamo. Unapita kilomita kadhaa mashariki yake. Na zile kilomita 103 zinaingia kwenye jumla ya safari, ilhali hakuna aliyezirekodi, wala si urefu wa barabara, ambayo ni ndefu zaidi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kosa hili linajificha. Watu hudhani mwendo usiowezekana utalifichua, kama pikipiki iliyopaa kilomita 600 kwa saa. Hapa kati ya nukta hizo mbili zimepita saa 39 na dakika 5, kwa hiyo programu itasoma mwendo wa chini ya kilomita 3 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Hakuna kichujio cha kasi kitakachoushuku. Njia ya kuligundua ni kutazama umbali kati ya nukta na nukta inayofuata: zote ni za mita, halafu moja ni ya kilomita mia na ushei.

Sasa kazi yenyewe, na hapa mpangilio una maana: punguza kwanza, unganisha baadaye. Natumia GPSBabel, ambayo ni ya bure na hufanya yote matatu. Tuseme siku ya kwanza uliwasha simu ukiwa bado unakunywa chai, na usiku ukaisahau ikirekodi ndani ya gesti Masaka. Chini ya bati na kati ya kuta, GPS haitulii. Nukta zinazunguka kitanda usiku kucha. Ikirekodi kila sekunde 10 na kila nukta ikihama mita 3 tu, hizo ni nukta 360 kwa saa, yaani mita 1,080. Ukilala saa kumi umesafiri karibu kilomita 11 ukiwa usingizini. Kwenye ramani utaona kifundo kama uzi uliochanganyikana.

```
gpsbabel -t -i gpx -f siku1.gpx -x track,start=20250712040000,stop=20250712143000 -o gpx -F siku1-safi.gpx
```

Tazama saa hizo. GPX huandika saa za UTC, ndiyo maana ya ile Z mwishoni, na Uganda iko saa tatu mbele. Mmeondoka saa moja asubuhi. Simu ilionyesha 07:00. Faili inasema 04:00. Mmefika saa kumi na moja unusu jioni; faili inasema 14:30. Anayekata kwa saa ya simu atapoteza barabara yote ya saa tatu za kwanza na kubakiza saa tatu za kitandani, halafu alaumu programu. Kwa hesabu hiyohiyo, tarehe ndani ya faili hubadilika saa tisa usiku kwetu, jambo la kukumbuka ukigawa kwa tarehe safari ya basi la usiku.

Vipi kifundo cha katikati, mfano mlipokaa Lukaya mkila kuku wa kuchoma na gonja? Ukizifuta nukta zile, mwanzo na mwisho wa pengo viko mita chache tu, mlipoegesha. Hapo acha kipande kimoja, mstari unaobaki hauongopi. Sisemi kila pengo lizae kipande. Nasema pengo ambalo kifaa hakikujua mlipita wapi.

Faili zote tatu zikishapunguzwa:

```
gpsbabel -t -i gpx -f siku1-safi.gpx -f siku2-safi.gpx -f siku3-safi.gpx -x track,trk2seg -o gpx -F safari.gpx
```

`trk2seg` hufanya njia moja na kuweka mpaka wa kipande kila njia ya zamani ilipoanzia. Ziandike faili kwa mpangilio wa siku. Wengi hutumia `merge` mahali hapa kwa sababu jina lake linavutia, lakini `merge` humwaga nukta zote pamoja, huzipanga kwa saa, na kuzitia katika kipande kimoja. Mipaka yote inakufa. Ni mbaya zaidi pale wawili waliposafiri pamoja, kila mmoja na simu yake, wakaziunganisha rekodi za siku ileile: nukta ya simu hii inafuatwa na ya simu ile, na mstari unapiga zigizaga kati ya pikipiki mbili njia nzima, umbali ukivimba. Rekodi mbili za barabara moja haziunganishwi. Chagua iliyo nzuri, nyingine iweke kando.

Ukimaliza, hesabu vipande:

```
grep -o "<trkseg>" safari.gpx | wc -l
```

Kwa safari yetu jibu liwe 3, ikiwa kila siku ilikuwa kipande kimoja. Likiwa 1, umeziba mapengo. Na kama mtu ameshakutumia faili iliyozibwa, inaweza kukatwa upya kwa umbali:

```
gpsbabel -t -i gpx -f imezibwa.gpx -x track,pack,sdistance=5k -x track,trk2seg -o gpx -F imerekebishwa.gpx
```

Popote nukta mbili zinazofuatana zimepishana zaidi ya kilomita 5, njia inakatwa, kisha vinarudishwa kuwa vipande vya njia moja. Kugawa kwa muda, `split=4h`, nako kunafaa, ila hakutaona usiku wa Masaka kama simu ilibaki imewaka, maana hakuna pengo la muda pale. Ndiyo sababu nyingine ya kupunguza kwanza.

Kuna programu na vifaa ambavyo hupuuza mipaka ya vipande na kuchora mstari hata hivyo. Kwa vifaa na programu hizo, acha kila siku iwe `trk` yake ndani ya faili ileile. Bado ni faili moja, na si chafu hata kidogo. Kinachovunja faili ni kubandika tu maandishi ya moja chini ya nyingine: kichwa cha `<?xml` kikijitokeza katikati, programu hukataa kuifungua, au huishia siku ya kwanza.

Kwa hiyo, rafiki uliyetuma "GPX moja safi", faili yako ni moja kweli, hilo hatubishani. Ila ulichounganisha ni Mbarara na Kabale, na hukuwa na rekodi ya hapo. Ikate kwa `sdistance`, kisha ndani ya `<desc>` uandike kwamba Mbarara hadi Kabale haikurekodiwa, ili atakayeifuata kwenda Kisoro ajue hapo ashike barabara ya Ntungamo kwa macho yake.