Kwa nini wastani wa darasa haufanani na mwanafunzi hata mmoja?

"Tulikusanya dakika ambazo kila mmoja wetu hutumia kutembea kutoka nyumbani hadi shule. Tulipopiga hesabu, wastani ukawa dakika 28. Lakini hakuna hata mmoja anayetumia dakika 28, na wengi wetu tunafika mapema zaidi. Je, tumekosea kugawanya?"

Inawezekana kabisa hamjakosea. Wastani haujaahidi kumpata mtu yeyote darasani. Unachofanya ni kuchukua dakika zote, kuzimimina kwenye chungu kimoja, kisha kuzigawa sawasawa kana kwamba kila mtu anaishi umbali uleule. Watatu wakitoka mbali sana, dakika zao nyingi zinagawiwa hata kwa wale wanaoishi ukutani mwa shule.

Tuione kwa namba. Nimezitunga ili zigawanyike vizuri, ila umbo lake ni la darasa lolote la shule ya kata yenye wanafunzi wa jirani na wachache wa vijiji vya mbali. Huu ni Mkondo A, wanafunzi 15, dakika zikiwa zimepangwa kuanzia ndogo:

5, 8, 10, 10, 12, 15, 15, 15, 20, 20, 25, 30, 60, 80, 95

Jumla ni 420. Gawanya kwa 15, unapata 28. Sasa waangalie watatu wa mwisho: 60, 80 na 95 zinafanya dakika 235, yaani zaidi ya nusu ya dakika zote za mkondo. Waweke kando kwa muda na uhesabu upya: 12 waliobaki wana dakika 185, na wastani wao ni kama 15 tu. Kwa hiyo watoto watatu wameuvuta wastani kutoka 15 hadi 28.

Njia nzuri ya kuuelewa mvuto huo ni kufikiria ubao wa pembea, ule wa watoto wawili kupandishana na kushushana. Ubao umechorwa dakika, na kila mwanafunzi amekaa kwenye dakika zake. Ukiuliza uweke gogo wapi chini ya ubao ili usiinamie upande wowote, jibu ni 28. Upande wa juu ya 28 wamo wanne tu, na umbali wao kutoka kwenye gogo ni 2, 32, 52 na 67, jumla 153. Upande wa chini wamo 11, na ukijumlisha umbali wao nao unapata 153 ileile. Wanne wanawatosha 11 kwa sababu wamekaa mbali. Ndiyo maana inawezekana, bila kosa lolote, watu 11 kati ya 15 wakawa "chini ya wastani".

Anayetaka kujua mwanafunzi wa kawaida anatumia muda gani, bora aulize yupi amesimama katikati ya mstari. Kwa watu 15 ni wa 8, maana ana saba kushoto na saba kulia. Katika Mkondo A wa 8 ana dakika 15. Namba hiyo huitwa mediani, na haijali kama wa mwisho anatembea dakika 95 au 300, ilmradi abaki wa mwisho. Ile inayojirudia mara nyingi, yaani modi, nayo hapa ni 15, lakini kwa data kama hii siitegemei sana, na sababu yake inakuja.

Kabla ya kupongeza mediani, tazama Mkondo B:

15, 18, 20, 22, 25, 25, 25, 30, 30, 30, 32, 35, 35, 38, 40

Jumla ni 420 pia, na wastani ni 28 uleule. Ukipeleka ofisini wastani peke yake, mikondo hii ni pacha. Ila mediani ya B ni 30, mara mbili ya A, na kati ya wa kwanza na wa mwisho kuna dakika 25 tu, wakati kwa A kuna 90. Hapa hesabu imefika mwisho wa uwezo wake, na kazi inabaki kwa grafu.

Makundi ya dakika 20 kila moja yanatosha. Chini ya 20, Mkondo A una wanafunzi 8. Kuanzia 20 hadi 39 wako 4. Kuanzia 40 hadi 59 hakuna. Kuanzia 60 hadi 79 yupo 1. Kuanzia 80 hadi 99 wako 2. Kwa Mkondo B ni 2, kisha 12, kisha 1, basi. Ukichora nguzo, A inaonekana kama kilima kushoto na vichuguu viwili mbali kulia. B ni nguzo moja ndefu katikati na vipande viwili pembeni.

Makosa ya kuchora ambayo nimeyaona mara nyingi ni mawili. La kwanza ni kuliruka kundi lisilo na mtu. Mwanafunzi anasema, "40 hadi 59 hakuna kitu, nichore ya nini?" Kisha anazisogeza nguzo za mwisho zigusane na zile za mwanzo, na lile pengo, ambalo ndilo habari kubwa kuliko zote kwenye picha, linapotea. Liache wazi. La pili ni kumpa kila mkondo kipimo chake kwenye mstari wa kushoto, mmoja ukiishia 8 na mwingine 12, hadi nguzo zinalingana urefu kwenye karatasi mbili. Tumia kipimo kimoja, anzia sifuri, na uweke picha moja juu ya nyingine. Na kwa kuwa dakika hufuatana bila kukatika, nguzo zake zigusane; zile za kuachana ziwekee maswali kama "unakuja kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda?"

Nirudi kwenye modi. Zitazame tena namba za Mkondo A na utaona kwamba nyingi huishia na 0 au 5. Hakuna miguu inayopima hivyo. Mtu akiulizwa ghafla anatumia muda gani, anakadiria: robo saa, nusu saa, saa nzima. Wahesabu sensa wanaijua tabia hii kwa upande wa umri, maana watu wengi hujikuta wana miaka 30 au 40 kamili kuliko 31 au 41. Kwa hiyo modi ya 15 huenda inatuambia zaidi kuhusu maneno "robo saa" kuliko kuhusu njia ya kuja shule. Kuna tiba: usiulize "unatumia dakika ngapi?" Waambie waandike saa ya kutoka na saa ya kufika kwa siku tatu, kisha watoe wenyewe.

Tiba hiyo inaleta ugonjwa wake, na ni ugonjwa wetu sisi wasema Kiswahili. Mwanafunzi ametoka nyumbani akatazama saa ya ukutani, akaandika 12:45, yaani saa moja kasorobo asubuhi. Kufika shuleni akachungulia simu ya mtu, ikasomeka 7:00. Ametumia dakika 15. Lakini anayehesabu muda kama saa zilivyoandikwa, kutoka 12:45 hadi 7:00, anapata saa 6 na dakika 15, yaani dakika 375. Ingiza hiyo moja badala ya 15 katika Mkondo A: jumla inaruka hadi 780 na wastani unakuwa 52. Karatasi moja tu imefanya hivyo. Mediani imesogea kutoka 15 hadi 20, kiasi kwamba pengine usingeshtuka.

Kosa hili lina alama yake: siku zote huzidi kwa dakika 360 kamili, kwa sababu saa ya Kiswahili na ile ya kwenye simu zimepishana saa sita. Ukiona 375 au 400, toa 360 uone kama kinachobaki kinaingia akilini, kisha mwite mwenyewe umuulize. Usifute tu kwa sababu namba ni kubwa. Ukianza kufuta kubwa, utamfuta na yule wa 95, ambaye ni wa kweli na huamka kabla ya jogoo.

Baada ya hapo ndipo waandike tafsiri, na hapa ndipo alama hupotea. Sentensi ninayoikuta mara nyingi ni hii: "Wastani ni dakika 28, kwa hiyo wanafunzi wengi hutembea dakika 28." Kwa Mkondo A ni uongo mtupu. Nyingine husema, "Wanaokaa mbali wanafeli kwa sababu ya uchovu." Huenda ni kweli, lakini hatukukusanya alama za mtihani wala uchovu, tulikusanya dakika. Ningefurahi kusoma kitu kama hiki:

"Mikondo yote miwili ina wastani wa dakika 28, lakini haifanani. Katika Mkondo A zaidi ya nusu ya wanafunzi hutumia dakika 15 au pungufu, huku watatu wakitumia saa moja au zaidi. Katika Mkondo B karibu wote hutumia kati ya dakika 20 na 40. Namba ni za waliokuwepo Jumanne, na nyingi ni za kukadiria."

Haina neno gumu hata moja. Inalinganisha, inataja wachache bila kuwazamisha, na inakiri mipaka yake. Na wastani haujatupwa: mtu akitaka jumla ya dakika zote, 28 mara 15 inamrudishia 420, jambo ambalo mediani haiwezi. Lakini anayepanga kipindi cha kwanza kianze saa ngapi hana shughuli na 28 wala 15. Anahitaji kuwaona wale watatu wa kulia.

Ile sentensi ya "waliokuwepo Jumanne" si ya kujaza nafasi. Siku ya kukusanya data, hasa kama mvua imenyesha usiku na mto umejaa, wanaokosekana si watu wa bahati nasibu; mara nyingi ni wale wa mbali. Tuseme Jumatano anarudi mmoja wa Mkondo A aliyekuwa ng'ambo ya mto, naye anaandika dakika 110. Sasa wako 16 na jumla ni 530. Wastani unapanda hadi dakika 33 na kidogo. Hakuna tena mtu mmoja wa katikati, kwa hiyo tunachukua wa 8 na wa 9, wenye 15 na 20, na mediani inakuwa 17 na nusu. Na kwenye grafu, kulia kabisa, inabidi kuchora nguzo ambayo jana haikuwepo.